Asilimia na Mkunga Aliyejiibia

“Mtu anajiibiaje mwenyewe? Hebu niambie, mzee wangu! Nimeingia nyumbani kwangu, nimechukua sufuria yangu, nimepikia watoto wangu. Nani kaibiwa hapo?”

Mkunga alikuwa amesimama mbele ya meza ya ukaguzi, pale pembeni mwa maktaba ya chuo. Karatasi kaikunja mkononi kama anataka kuulia nzi. Viatu vyake vyeupe vya wodini bado miguuni. Alitoka zamu saa moja asubuhi, akaja moja kwa moja, hata uso hajanawa.

Mzee aliyekuwa nyuma ya meza alivua miwani, akasugua pale inapobana puani, akavaa tena.

“Dada, keti kwanza.”

“Siketi! Nikiketi nalala.”

“Basi simama. Ila leta hiyo karatasi kabla hujaichana, wino wenyewe wa kuomba.”

Huyu mzee wanafunzi walimpa jina Asilimia. Mbele yake wanamwita mzee, akigeuka tu ni Asilimia. Miaka kumi na tisa yuko kwenye ile maktaba. Alianza kwa kugonga mihuri ya tarehe kwenye vitabu, akahamia kubandika migongo ya vitabu vilivyochanika, na siku chuo kiliponunua programu ya kukagua kazi za wanafunzi, wakatafuta mtu wa kupeleka mafunzo ya siku tatu. Wengine wote walikuwa likizo. Akapelekwa yeye. Aliporudi akapewa meza, kompyuta moja na kiti kinachoinama upande wa kushoto. Tangu siku hiyo hajawahi kumwona mtu anakuja kwake anacheka.

Maana kazi yake ni namba. Unamletea utafiti wako, anaupandisha kwenye programu, unasubiri, inatoka ripoti: asilimia fulani ya maneno yako yamekutwa mahali pengine. Chuo kimeweka mwisho ishirini. Ukizidi, msimamizi wako hasaini, na asiposaini huingii kwenye orodha ya wanaohitimu. Watu wanalia pale. Wengine wanamtukana. Mmoja aliwahi kumwombea dua mbaya kwa sauti, watu wanasoma. Asilimia alimsubiri amalize, akamwambia ripoti yake iko tayari.

Ya Mkunga ilisema arobaini na tatu.

“Arobaini na tatu,” Mkunga alisema. “Na msimamizi wangu kanipigia simu jana niko na mama anajifungua, ananiambia nimenakili. Mimi! Nimenakili kwa nani? Angalia mwenyewe hapo, hiyo rangi nyekundu. Soma chanzo.”

Asilimia alikuwa ameshasoma. Thelathini na moja kati ya hizo arobaini na tatu zilitoka chanzo kimoja tu: kazi ya mwanafunzi, chuo hiki hiki, miaka minne iliyopita. Ilikuwa ripoti ya stashahada ya Mkunga mwenyewe. Wakati ule alitafiti kwa nini akina mama wanachelewa kufika hospitali uchungu ukianza, akahoji akina mama arobaini. Sasa kwenye shahada kaendelea pale pale, akina mama mia moja na ishirini, na safari hii kawahoji na waume zao. Sura ya jinsi alivyofanya utafiti na sura ya yaliyoandikwa na wengine kazichukua kwenye ile ya zamani, kabandika. Hospitali ile ile, wodi ile ile. Aandike nini, kwamba wodi imehama?

“Ni wewe,” Asilimia alisema. “Hata mimi naona ni wewe.”

“Sasa?”

“Mashine haioni. Haijui mtu, dada. Inajua maneno yaliyopangana. Ikikuta mstari wako umefanana na mstari uliopo kwenye ghala lake, inapaka rangi na kukwambia umetoka wapi. Wewe, mwanao, jirani, kwake sawasawa. Na nitafutie kwenye hii ripoti palipoandikwa ‘wizi’.”

Mkunga aliikunjua karatasi, akatafuta. Hakuna.

“Neno hilo hutalipata. Imeandikwa ‘kufanana’. Wizi ni maneno ya msimamizi wako.”

“Kwa hiyo sina kosa.”

“Unalo.”

Hapo ndipo Mkunga alipoketi, mwili ukamwachia tu.

Asilimia alimweleza polepole, kwa sauti ya mtu aliyesema maneno hayo mara mia. Ile ripoti ya zamani ilishampa alama, ikampa cheti. Akiirudisha kimya kimya kama mpya, anaomba alama mara ya pili kwa kazi moja, na msomaji anadhani yote kaifanya jana. Kosa lenyewe ni huko kunyamaza. Dawa yake nyepesi: ajitaje. Kama anavyomtaja mwandishi mwingine, aseme sehemu hii imetoka kwenye ripoti yangu ya mwaka fulani, ile nimeibadilisha hapa na hapa. Sura ya yaliyoandikwa na wengine aiandike upya, maana ndani ya miaka minne watu wameandika mengine. Halafu aandike tamko ukurasa wa mbele. Yeye Asilimia atatoa ripoti mbili, moja yenye kila kitu, nyingine ile kazi yake ya zamani imewekwa kando, msimamizi azione zote.

“Na matokeo yako?” Akafungua sura ya nne kwenye skrini, akaishusha taratibu. Nyeupe, nyeupe, kamstari kamoja. “Angalia. Matokeo ni mapya. Huo ndio utafiti. Hapo huna ugomvi na mtu.”

“Mwisho wa mwezi ruhusa yangu ya masomo inaisha,” Mkunga alisema. “Nisipoingia orodha ya mwaka huu, hospitali hawanipi tena. Wamesema kwa barua. Nimesoma miaka mitatu nikitoka zamu, mzee wangu. Nimelala kwenye viti mpaka shingo imekaa hivi.”

“Una siku kumi na moja. Zinatosha. Ila nakuomba kitu kimoja, usiende kubadilisha maneno ili namba ishuke.”

Mkunga aliitikia kwa kichwa, akaondoka. Asilimia akarudi kwenye chai yake, imeshapoa zamani, akainywa hivyo hivyo.

Shida ni kwamba msimamizi naye alimpigia tena simu jioni ile. Na msimamizi ni mtu wa haraka, ana wanafunzi ishirini na sita. Akamwambia neno moja: “Shusha.” Hakusema ajitaje, hakusema atoe tamko. Shusha iwe chini ya ishirini. Mtu amechoka, anaambiwa shusha na mwenye saini, na anaambiwa usishushe na mzee wa maktaba. Wewe ungemsikiliza nani?

Siku ya tatu Mkunga alirudi, safari hii anatabasamu. Asilimia akashtuka kabla hata hajaona kazi. Akaipandisha. Kufanana: asilimia saba.

“Saba!” Mkunga alipiga meza. “Umeona mkono wangu?”

Ila chuo kilikuwa kimeshalipia na dirisha la pili kwenye programu ile, la kukadiria maandishi ya akili bandia. Dirisha hilo nalo likafunguka pembeni: themanini na moja.

Mkunga aliacha kutabasamu. “Hiyo nini tena?”

“Dada, maneno haya umeyafanya nini?”

“Nimeyabadilisha.”

“Kwa mkono?”

Mkunga aliangalia viatu vyake.

“Shemeji yangu aliniwekea kitu kwenye simu. Unabandika huku, kinakuandikia upya huku. Dakika ishirini, utafiti mzima.”

“Ukausoma baadaye?”

“Nilikuwa na zamu.”

Asilimia alianza kusoma kwa sauti ya chini. Palipokuwa na “chupa ilipopasuka kabla ya kufika hospitali”, sasa paliandikwa “chombo cha kioo kilipovunjika kabla ya kuwasili hospitalini”.

“Chombo cha kioo? Ni maji ya uzazi hayo!” Mkunga alinyanyuka.

“Subiri. ‘Akina mama walioanza majonzi wakiwa nyumbani.’”

“Uchungu! Ni uchungu! Majonzi ya nini, kafiwa?”

“‘Na kondo la nyuma’, sijui hii ilikuwaje, hapa wanasema ‘mfuko wa mgongoni’.”

“Mungu wangu. Mama kajifungua begi.”

Mkunga alicheka mpaka akashika meza, na alipomaliza macho yalikuwa na maji, na hayakuwa ya kicheko tu. Kwenye ile meza, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Asilimia kucheka na mtu aliyeleta kazi. Hakucheka sana, mabega tu yalitikisika.

Kumbe ripoti ilishakwenda. Programu ikimaliza, nakala inaenda kwa msimamizi yenyewe. Kabla Mkunga hajafika getini simu iliita. Aje ofisini Alhamisi saa nne, na mzee wa maktaba aje pia.

Ofisi ya msimamizi iko ghorofa ya tatu, ngazi tupu. Asilimia miguu inamvimba, alipanda akisimama kila kona. Alipoingia, Mkunga alikuwa ameketi amekumbatia mfuko wa plastiki, na msimamizi ameweka fomu mezani, kalamu tayari. Ilikuwa fomu ya kumpeleka mtu kamati ya nidhamu. Ukifika kamati, kikao chao ni mwezi ujao. Mwezi ujao orodha imeshafungwa. Yaani ile kalamu ikigusa tu karatasi, miaka mitatu imekwenda.

“Mzee,” msimamizi alisema, “nifafanulie niandike. Wiki iliyopita kanakili arobaini na tatu. Wiki hii kaandikiwa na mashine themanini na moja. Huyu ni mwizi wa aina mbili.”

“Naomba maji kwanza, daktari.”

Akapewa. Akanywa yote.

“Hizo namba mbili,” akasema, “si ndugu. Zinakaa ukurasa mmoja tu. Hii arobaini na tatu, nichagulie mstari wowote mwekundu.”

Msimamizi akachagua kwenye kompyuta yake. Asilimia akabonyeza, upande wa pili ikafunguka ile ripoti ya zamani, mstari kwa mstari, jina la Mkunga juu.

“Umeona? Nikikwambia umefanana, nakuonyesha umefanana na nini. Unaweka kidole huku na huku. Ukikataa, tunabishana juu ya kitu kilichopo. Sasa nenda kwenye themanini na moja, uchague mstari. Nionyeshe umetoka wapi.”

Msimamizi akabonyeza. Rangi ipo, chanzo hakuna. Akabonyeza tena.

“Haufunguki.”

“Hautafunguka. Hakuna pa kufungukia. Akili bandia haikunakili mahali, imetunga hapo hapo. Kwa hiyo programu haitafuti chochote ghalani. Inaangalia maneno yanavyofuatana, yakiwa laini sana, yanatabirika, kila neno ndilo ungelitegemea, inasema hii huenda ni mashine. Inakisia. Na ikikisia inakosea pande zote mbili, mtu anayeandika kwa utaratibu sana inaweza kumsingizia, na mwenye mashine mjanja ikampita. Tena kwa Kiswahili ndiyo usiseme, imelelewa na lugha nyingine. Kwenye mafunzo walituambia wazi, hiyo namba peke yake haimfungi mtu. Inakwambia tu, muulize.”

“Basi namuuliza,” msimamizi akamgeukia Mkunga. “Umetumia?”

Mkunga angeweza kukataa. Ameshasikia kwamba haithibitishiki. Asilimia alitazama dirishani, asionekane anamshawishi upande wowote.

“Nimetumia, daktari. Uliniambia nishushe.”

“Sikukwambia ushushe hivyo!”

“Hukuniambia hivyo wala vile. Ulisema shusha, ukakata.”

Msimamizi akachezea kalamu.

Mkunga akafungua ule mfuko. Madaftari manne ya shule, yale ya mistari, majalada yameloa na kukauka. Mahojiano yote, mkono wake, tarehe, saa, mengine kaandika katikati ya zamu mpaka mwandiko unapanda ukutani. Na kompyuta yake ndogo, faili zilizohifadhiwa miezi minane, ya kwanza ina kurasa tatu, inayofuata saba, inayofuata kumi na mbili. Asilimia akazifungua moja moja. Sentensi zinaonekana zinakua, zinakatwa, zinarudi.

“Kinachoniuma mimi,” Asilimia akasema, na hapo sauti ilikuwa imechoka kabisa, “ile yenye arobaini na tatu ni maneno yake yote. Alikosa kusema tu kwamba aliyasema zamani. Hii yenye saba, ambayo sote tulitaka kuisaini, ndiyo si maneno yake. Namba nzuri iko kwenye kazi mbaya.”

Msimamizi aliivuta fomu, akaisoma tena. Ina visanduku viwili vya kuweka alama. Kimoja, “amenakili kazi ya mtu mwingine”. Kingine, “amewasilisha maandishi ya akili bandia bila kutaja”.

“Cha mtu kutumia kazi yake mwenyewe hakipo,” alisema.

“Hakipo. Nilishawaandikia mara mbili.”

“Na hiki cha pili kinamhusu.”

“Kinamhusu,” Mkunga alisema mwenyewe. “Nimekubali.”

Nje mtu alikuwa anaburuta meza kwenye korido. Mwishowe msimamizi aliweka fomu kwenye droo bila kuandika, akachukua karatasi ya kawaida, akaandika onyo kwa mkono wake. Nakala ya asilimia saba itupwe. Arudi kwenye maneno yake ya kwanza, ajitaje, aandike tamko, sura ya pili, ile ya yaliyoandikwa na wengine, aiandike upya kwa kichwa chake, na ile programu ya simu aitaje kwamba aliitumia na ameiacha. Alama zake zitakatwa kwa kuchelewa. Jumatano saa sita mchana mwisho.

“Na mimi,” aliongeza, hakumwangalia mtu, “nitaandika kwamba sikumwelekeza vizuri.”

Mkunga aliandika siku tano. Aliandika kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akaandika jikoni kwake, mume kamshikia watoto. Jumatano saa nne alikuwa mbele ya meza na faili. Hakuwa na tabasamu, hakuwa na hasira, alikuwa na macho mekundu tu. Msimamizi naye alishuka, kasimama nyuma yake, kalamu mfukoni.

Asilimia akapandisha. Wakasubiri.

Kufanana: themanini na sita.

Msimamizi alianza kukohoa.

“Mzee wangu,” Mkunga alisema kwa sauti ndogo, “safari hii nimemwibia nani?”

Asilimia alibonyeza chanzo. Kazi ya mwanafunzi, chuo hiki, wiki mbili zilizopita. Akakaa akiiangalia. Halafu akavua miwani, akaiweka mezani.

Unapopandisha rasimu, kuna mahali programu inauliza: niihifadhi hii ghalani, au niikague tu niiache? Rasimu haihifadhiwi. Ukihifadhi, mtu akirudi na kazi iliyorekebishwa, inakutwa imefanana na rasimu yake mwenyewe. Ile ya asilimia saba ilipita kwa sababu maneno yalikuwa yameshageuzwa yote. Hii ya kweli, yenye maneno yake, imegonga ukuta. Miaka yote Asilimia anawaambia wengine, toeni alama ya kuhifadhi pale. Siku ya kupandisha rasimu ya kwanza ya Mkunga, yeye ndiye aliyeisahau.

“Kosa ni langu,” alisema. “Niliiacha rasimu yako ghalani. Umefanana na wewe wa juzi.”

“Sasa ghala inafutwaje?” msimamizi aliuliza. “Imebaki saa moja na nusu.”

“Kufuta ni barua kwa wenye programu, siku tatu, nne. Lakini naweza kuiweka kando kwenye hesabu, na nitaandika kwa nini, kwa jina langu na saini.”

“Ukiandika hivyo watakuuliza huko juu.”

“Wataniuliza.”

Akaweka rasimu kando. Namba ikashuka, ishirini na saba, na kumi na tisa kati yake ile ripoti ya stashahada, kila sehemu imetajwa inakotoka. Akatoa nakala. Akaweka kando na hiyo ya stashahada, ikawa nane. Akatoa na hiyo. Dirisha la pili, lile la akili bandia, halikuonyesha kitu. Kisha akachukua karatasi nyeupe, akaandika kwa mkono mistari mitano, yeye fulani wa meza ya ukaguzi, tarehe fulani, hakuondoa alama ya kuhifadhi, mwanafunzi hahusiki. Akasaini, akapiga mhuri ule wa zamani wa tarehe.

Msimamizi alisoma zote tatu amesimama. Alienda kwenye tamko la Mkunga, akalisoma mara mbili. Akafungua sura ya pili, akasoma kurasa kama nne, watu wanasubiri foleni nyuma yao. Akarudi ukurasa wa mbele, akasaini.

Mkunga aliichukua ile karatasi kama anavyopokea mtoto, mikono yote miwili chini. Alifungua mdomo aseme asante, maneno hayakupangana.

“Mzee wangu, mimi…”

“Panda ghorofani sasa hivi,” Asilimia alisema, anatafuta funguo zake chini ya makaratasi. “Wanafunga saa sita kamili na yule mama wa masijala hasubiri mtu.”

“Na wewe?”

“Kuna gari la viti vipya vya maktaba limesimama nje tangu asubuhi, dereva ananipigia honi mimi kama vile viti ni vyangu.”

Akazipata funguo, akaandika “Narudi” kwenye kipande cha karatasi, akakibandika kwenye skrini, akawapita wale wa foleni na kutoka kwa mlango wa nyuma, akichechemea, kwenda kuhesabu viti.